Uchambuzi wa kisa: Mazda iliyodhaniwa kuwa na chesisi ya Mitsubishi, Tanga

Kisa hiki kinahusu ununuzi wa pikapu moja iliyotumika, mjini Tanga. Majina ya wahusika, namba za usajili na tarakimu za mwisho za chesisi vimeondolewa. Mambo mengine nimeyaacha kama yalivyokuwa, kwa sababu kosa lililokaribia kuvunja biashara lilikuwa kwenye alama tatu za mwanzo za namba ya chesisi, na alama hizo hizo ndizo baadaye zilizomfungulia mnunuzi mlango wa spea.

Usuli

Mnunuzi ni mama mfanyabiashara wa machungwa wa upande wa Muheza. Msimu ukifunguka anasomba mzigo kutoka mashambani hadi barabara kuu, na miaka yote alikuwa akikodi gari. Safari hii alitaka pikapu yake mwenyewe: ya dizeli, kabini moja, bodi ndefu nyuma. Dalali akampatia Mazda BT-50 iliyokuwa Tanga mjini, ya kile kizazi cha kwanza kilichoanza kutengenezwa mwaka 2006. Bei ilikuwa chini ya Hilux ya umri huo, na mwili wa gari ulikuwa mzima ukiacha kutu ya kawaida ya gari lililolala karibu na bahari. Akatoa arbuni.

Mama alikuwa na hofu mbili, na zote zina msingi. Ya kwanza, gari lisiwe limekatwa na kuchomelewa chesisi nyingine. Ya pili, spea. Ukiingia madukani Ngamiani ukataja Toyota, muuzaji anainuka kabla hujamaliza sentensi. Ukitaja Mazda ya pikapu, anakuuliza kama umeshajaribu Dar es Salaam. Dalali alimtuliza kwa maneno mawili, "imetoka Japani," na kwa wanunuzi wengi maneno hayo yanatosha.

Kazi yangu ni kukagua magari kwa niaba ya wanunuzi. Niliitwa baada ya arbuni kutolewa, wakati biashara imeshaingia doa.

Kilichotokea

Dalali alimtumia mama namba ya chesisi kwa ujumbe wa simu. Mpwa wake, kijana anayejua mambo ya mtandao, akaiingiza kwenye tovuti moja ya bure inayofasiri namba za magari. Tovuti ikarudisha majibu mawili. La kwanza: alama tatu za mwanzo, MMT, ni za Mitsubishi ya Thailandi. La pili: namba yenyewe si halali. Kijana akamwambia shangazi yake kwamba hapo hakuna mjadala, gari ni Mazda kwa sura na Mitsubishi kwa chesisi, kwa hiyo limeunganishwa. Mama akamtaka dalali arudishe arbuni. Dalali akaapa kuwa gari ni safi. Mwenye gari akaona anaitwa mwizi, naye akasema hauzi tena.

Niliponyooshewa ile simu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu. Alama zilikuwa 17. Hiyo peke yake ilikuwa inamjibu dalali kabla hata hatujaligusa gari, na inafaa tukae nayo kidogo, kwa sababu inawachanganya watu wengi hapa kwetu.

Magari mengi tunayoyaona Tanga yaliuzwa kwanza Japani kwa Wajapani, yakatumika huko, kisha yakaletwa. Gari la aina hiyo halina namba ya alama 17. Lina namba fupi ya fremu: msimbo wa modeli, kistari, halafu tarakimu za mfululizo. Toyota IST, kwa mfano, itasomeka NCP60, kistari, na tarakimu saba. Katika namba hiyo hakuna herufi za mtengenezaji kabisa. NCP60 inataja modeli tu, na anayejaribu kuisoma N kama nchi atapotea. Namba ya alama 17, ile inayoitwa VIN, hukutwa kwenye magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya masoko mengine: yaliyoingia yakiwa mapya, au yaliyotokea Uingereza, Afrika Kusini, Uarabuni na kwingineko. Pikapu yenye alama 17 haikuwahi kuuzwa mpya ndani ya Japani kama magari ya mnadani. Inaweza kuwa imetengenezwa Japani kwa ajili ya kuuzwa nje, na hapo alama ya kwanza ingekuwa J. Hii ilianza na M.

Kwa hiyo kauli ya "imetoka Japani" ilikuwa imeshaanguka. Lakini kuanguka kwa kauli ya dalali hakumaanishi gari ni la wizi. Hayo ni mambo mawili, na pale barazani yalikuwa yamefungwa pamoja.

Jinsi alama tatu zinavyosomwa

Mpangilio wa namba hizi umewekwa na kanuni za kimataifa, ISO 3779 kwa namba nzima na ISO 3780 kwa alama tatu za mwanzo. Hizo tatu ndizo zinazomtaja mtengenezaji. Ugawaji wake unasimamiwa na SAE International ya Marekani, ili makampuni mawili yasije yakabeba alama moja.

Alama ya kwanza hutaja eneo la dunia. J ni Japani, L ni Uchina, W ni Ujerumani, na herufi za mwanzo wa alfabeti zimepewa Afrika. M ni ya Asia, nayo imegawanywa. Kuanzia MA hadi ME ni India, na hapa mtu yeyote anaweza kuhakikisha kwa kuinama kwenye bodaboda: Bajaj Boxer iliyotengenezwa India huanza na MD2, TVS huanza na MD6. Ukisogea mbele hadi ML, MM na kuendelea hadi MR, uko Thailandi. Hilux ya Thailandi huanza na MR0, na ile ya Afrika Kusini huanza na AHT.

Ukiishia kwenye alama mbili umejua nchi tu, na nchi haitoshi. Thailandi ni karakana kubwa ya pikapu, na ndani ya MM wamo watengenezaji kadhaa wasiohusiana. MMT na MMB ni Mitsubishi. MM7 ni Mazda, pamoja na MM0 na MM8. Tofauti kati ya kampuni moja na nyingine ni alama ya tatu peke yake.

Na alama ya tatu, T dhidi ya 7, ni mstari mmoja wa juu na mguu mmoja wa chini.

Maamuzi tuliyofanya na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutojadili tena namba iliyoandikwa kwenye simu. Ujumbe wa dalali ulikuwa nakala ya nakala. Ndani yake kulikuwa pia na herufi O mahali pawili, na hapo nikajua mwandishi alikuwa akinakili kwa macho bila kujua kanuni. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa katika namba hizi, kwa sababu hufanana na 1 na 0. Ukiona O kwenye namba ya chesisi ya alama 17, iliyoandikwa ni sifuri na mtu kaikosea. Kama kakosea sifuri, anaweza kuwa kakosea na nyingine.

Nikamwomba mwenye gari aturuhusu tuisome chuma chenyewe. Alikuwa bado na hasira. Mama akamwambia, "Baba, mimi sikukuita mwizi. Nataka kujua ninachonunua, kama wewe ungekuwa mimi." Akafungua geti.

Kwenye pikapu hii namba imegongwa kwenye reli ya chesisi, upande wa kulia, jirani na tairi la mbele. Hapo ndipo maji ya barabara na chumvi ya hewa ya bahari hupiga kila siku. Tulipoangalia kwa tochi, ile alama ya tatu kweli ilionekana kama T. Dalali hakuwa amedanganya, alikuwa amesoma alichokiona.

Sikutumia msasa. Msasa mkali na brashi ya waya ya mashine huondoa kutu pamoja na ukingo wa alama, na baadaye mkaguzi mwingine akiona chuma kilichokwanguliwa juu ya namba ya chesisi ana kila haki ya kushuku. Tulipaka mafuta ya taa kwa kitambaa, tukaacha yalowe, tukasugua kwa brashi ya nailoni kama ya viatu, tukafuta. Kisha nikaweka karatasi nyembamba juu ya namba na kusugua penseli laini kwa ubavu wake, polepole, kutoka kushoto hadi kulia. Karatasi hupokea mashimo ya nyundo kama mistari myeupe, na rangi ya kutu haionekani tena. Jicho hudanganywa na rangi, karatasi hupokea kina tu.

Kwenye karatasi, mstari wa juu wa alama ya tatu ulianzia kushoto ukaishia pale mguu unapoanza. Upande wa kulia hapakuwa na mstari, palikuwa na shimo la kutu la mviringo lisilo na ukingo mkali. Mguu wenyewe ulikuwa umeinama kuelekea kushoto. T haina mguu ulioinama. Bahati nzuri, kwenye tarakimu za mfululizo mwishoni kulikuwa na 7 nyingine, mahali ambapo kutu haikufika, na zile mbili zilikuwa na umbo moja: pembe ile ile, urefu ule ule wa mstari wa juu. Namba hugongwa kwa seti moja ya mihuri, kwa hiyo 7 mbili za gari moja lazima zifanane. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote pale herufi moja inapobishaniwa.

Tukapanda juu. Kibati cha ndani ya boneti kilikuwa na namba hiyo hiyo, na 7 ilikuwa wazi. Kadi ya gari ilipoletwa, ya asili na si kopi, ilisema vilevile MM7. Baada ya alama tatu zilifuata U na N, na UN ni msimbo ambao Mazda wenyewe wanautumia kwa kizazi hiki cha pikapu. Mitsubishi ya Thailandi isingekuwa na sababu ya kufuatiwa na UN. Vilevile nilipapasa reli mbele na nyuma ya namba kutafuta alama za kuchomelea, unene wa rangi usiolingana, au mstari wa grainda. Hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza la mama likajibiwa: Mazda ya Mazda, chesisi yake mwenyewe, Thailandi.

Uamuzi wa pili ulihusu spea, na hapa nilimwomba asikimbilie kulipa. Kujua kuwa mtengenezaji ni Mazda hakukumsaidia chochote dukani, kwa kuwa shida yake ilikuwa ni hiyo hiyo Mazda. Ilibidi twende hatua moja mbele, tuulize kiwanda kilichounganisha gari hili ni cha nani.

BT-50 ya kizazi hiki yenye MM7 ilitoka AutoAlliance, kiwanda kilichoko mkoa wa Rayong, Thailandi. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1995 na Ford pamoja na Mazda kwa ubia, na ikaanza kutoa magari mwaka 1998. Kiwanda hicho hicho kilikuwa kikitoa Ford Ranger. Si magari mawili yanayofanana kwa bahati. Ni pikapu moja iliyobuniwa kwa pamoja na kutoka na nembo mbili. Injini za dizeli za 2.5 na 3.0 ni za ukoo wa Mazda, na Ford waliziuza kwa jina lao wenyewe. Giaboksi, klachi, difu, breki za mbele, bush za sasi, vyote ni vya familia moja.

Ranger ilikuwa na alama nyingine mwanzoni mwa namba yake ya chesisi. Ranger za AutoAlliance za usukani wa kulia mara nyingi huanza na MNB, na zile zilizounganishwa Afrika Kusini huanza na AFA. Mtu akizilinganisha MM7 na MNB ataona kampuni mbili tofauti, na kwa upande wa nembo ni kweli. Kiwanda hakionekani mpaka ujue ni nani aliye nyuma ya herufi.

Nilipendekeza tujaribu kwa kitu kimoja kabla ya malipo ya mwisho. Klachi ya gari ilikuwa inateleza ukipanda mlima na mzigo, kwa hiyo ilikuwa lazima ibadilishwe hata hivyo. Tulisoma herufi za injini, zikaanza na WL, ambayo ndiyo 2.5 ya dizeli ya Mazda. Mpwa akapiga simu kwa muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, na safari hii hakutaja Mazda kabisa. Aliomba seti ya klachi ya Ranger ya dizeli, 2.5, ya kati ya mwaka 2006 na 2011. Jibu likawa, "Ipo, kaka. Nikutumie kwa basi la leo?"

Matokeo

Mwenye gari alikubali fundi ashushe giaboksi pale pale nyumbani kwake, kwa makubaliano kuwa mama anagharamia hata kama hatanunua. Klachi ya Ranger ililala kwenye flaiwili ya Mazda bila kuchongwa wala kuongezewa washa: mashimo ya boliti yaliangukia, na meno ya katikati ya diski yaliteleza kwenye shafti inavyotakiwa. Kabla ya kufunga, fundi aliweka diski ya zamani juu ya mpya akazizungusha. Kipenyo kimoja, idadi ya meno moja.

Mama alilipa siku hiyo, baada ya kuomba punguzo kwa sababu ya kauli ya Japani, na akapewa.

Si kila kitu kilienda hivyo. Wiki zilizofuata, kwa furaha ya kupata klachi, mpwa aliagiza taa ya mbele ya Ranger iliyotumika kuziba ile iliyopasuka. Haikuingia. Sura ya mbele ya magari haya mawili ni tofauti: taa, grili, bampa, boneti na mafendo kila kampuni ilichora vyake, kwa sababu hapo ndipo nembo inapouzwa. Taa haikurudishwa. Ilibidi itafutwe ya BT-50 yenyewe, na ilichukua muda.

Uchambuzi

Tovuti ilikosea wapi? Kwenye jibu la kwanza haikukosea. Iliulizwa MMT, ikajibu MMT, nayo ni Mitsubishi kweli. Jibu la pili, kwamba namba si halali, ndilo lililoleta madhara zaidi, na lingetokea hata kama kijana angeandika 7 na sifuri zote sawasawa. Tovuti nyingi za bure zimejengwa kwa ajili ya soko la Marekani na Kanada. Huko, alama ya 9 ya namba ni ya ukaguzi: inakokotolewa kutokana na alama nyingine 16, na hesabu isipokubali namba inakataliwa. Sheria hiyo haiwabani watengenezaji wanaouza kwingine. Mazda ya Thailandi iliyokusudiwa masoko yetu inaweza kuwa na chochote kwenye nafasi ya 9, na hesabu ya Kimarekani ikiifikia hapo itasema "si halali" kwa gari lisilo na kasoro yoyote. Kwa magari ya Tanzania, jibu hilo peke yake si ushahidi wa kitu. Alama ya kwanza ikiwa 1, 4 au 5, yaani gari limetengenezwa Marekani, hapo nitalichukulia kwa uzito.

Hali ni hiyo hiyo kwa mwaka. Watu wamezoea kuambiwa kuwa alama ya 10 ni mwaka wa gari. Kwenye pikapu hii nafasi ya 10 ilikuwa sifuri, na sifuri haitumiki kamwe kama alama ya mwaka. Mtengenezaji hakuuandika pale, basi. Mwaka tuliupata kwenye kadi, kisha tukauthibitisha kwa lebo zilizoshonwa chini ya mikanda ya viti, ambazo hubeba tarehe ya kutengenezwa kwa mkanda. Mikanda yote ilikuwa ya muda mmoja na haikupishana na kadi.

Kilichofanya kazi vizuri, kwa maoni yangu, ni kutenganisha maswali. Barazani watu walikuwa wakiuliza swali moja, "gari hili ni zuri?", na kila mtu analijibu kwa kipande alichonacho. Tulipoligawa, kila kipande kilikuwa na mahali pake pa kujibiwa. Je, alama imesomwa sawa? Hilo linajibiwa na chuma na penseli. Alama hiyo ni ya nani? Hilo lina orodha yake. Kiwanda kilikuwa cha nani wakati gari linatengenezwa? Hilo halimo ndani ya namba hata kidogo, linatoka kwenye historia ya makampuni.

Hili la tatu ndilo gumu, na nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakilipita haraka. Alama tatu humtaja mtengenezaji anayewajibika kwa gari. Hazilazimiki kutaja jengo lilimokusanywa, wala mbia wake. Mfano unaoonyesha wazi ni wa Ulaya. Peugeot 107, Citroën C1 na Toyota Aygo zilitoka kiwanda kimoja huko Kolín, Jamhuri ya Cheki, kilichomilikiwa kwa pamoja na Toyota na kampuni ya Peugeot na Citroën. Ukisoma chesisi, Peugeot inaanza na VF3, Citroën na VF7, Aygo na JTD. Mbili zinadai Ufaransa, moja inadai Japani, na hakuna hata moja inayoitaja Cheki. Fundi anayejua hilo atatafuta spea ya 107 kwenye Aygo bila wasiwasi. Asiyejua ataona nchi mbili na makampuni matatu.

Na ubia hubadilika, wakati jina la gari linabaki. BT-50 ni mfano mzuri wa kuumiza kichwa. Ya kizazi cha kwanza, kama ya mama, ni kazi ya pamoja yenye injini za Mazda. Ya kizazi cha pili, iliyoanza mwaka 2011, bado ilitoka AutoAlliance, lakini msingi wake ulichorwa na Ford, na dizeli zake ni za Ford, 2.2 na 3.2 ya silinda tano. Klachi tuliyoifunga Tanga haihusiani nayo. Ya kizazi cha tatu, kuanzia mwaka 2020, si ya Ford tena kabisa: inatengenezwa na Isuzu huko huko Thailandi, juu ya msingi wa D-Max. Nembo ya mbele ni ile ile, na mlangoni imeandikwa BT-50 ile ile. Mtu akisikia kisa hiki akaenda kununua spea ya Ranger kwa BT-50 ya 2021, atapoteza fedha, na kosa halitakuwa la Ranger.

Kwa hiyo karatasi niliyomwandikia mama ya kupeleka madukani haikusema "Mazda ni sawa na Ranger." Iliandikwa namba nzima ya chesisi kama ilivyo kwenye chuma, herufi za injini, WL, kisha mistari miwili. Injini, klachi, giaboksi, difu, breki na sasi: omba za Ranger ya dizeli 2.5 ya 2006 hadi 2011, na ulinganishe na ya zamani kabla ya kulipa. Taa, grili, bampa, boneti na mafendo: omba za BT-50 ya miaka hiyo tu. Kopi moja anakaa nayo yeye, nyingine iko kwa fundi wake Muheza.